Naombeni ushauri: wasifu mfupi wa afisa rasilimali watu wenye takwimu zinazoshikika

NangaImara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Ni afisa rasilimali watu katika taasisi ya wafanyakazi 240. Natakiwa kuandika wasifu wangu mfupi, usiozidi maneno 120, uonyeshe kazi zangu za kuajiri, mahusiano kazini na sera. Niliouandika mwanzo unasomeka hivi:

"Ni afisa rasilimali watu mwenye bidii na uzoefu mkubwa wa kuajiri, kusimamia mahusiano mazuri kazini na kuandaa sera mbalimbali zilizoleta ufanisi."

Umerudishwa na maelezo kwamba hauna kipimo hata kimoja. Takwimu ninazo. Mwaka jana tuliajiri watu 38, wastani wa siku 47 kujaza nafasi. Malalamiko rasmi yalikuwa 27. Pia niliandika upya sera ya likizo. Nizipangeje zisionekane kama ripoti ya mwaka? Nawasilisha.

MgeniNjia

Mkuu, wasifu wa kazi usizidi kurasa mbili. Anza na elimu, kisha uzoefu kuanzia kazi ya karibuni, halafu wadhamini watatu. Picha usiweke kama hawajaiomba.

NangaImara

Asante ndugu, ila huu siyo wa kuombea kazi. Ni aya moja tu ya kunitambulisha.

JembeLaOfisi

Weka asilimia kila mahali, ndiyo lugha wanayoielewa wakubwa. "Nimepunguza muda wa kuajiri kwa asilimia kadhaa, nimepunguza malalamiko kwa asilimia kadhaa." Na hiyo 47 ukiichunguza utakuta kuna nafasi moja iliyochelewa sana imeivuta juu. Itoe hiyo, wastani utashuka wenyewe.

MkongweWaMasijala

Jembe kagusa jambo la kweli, lakini dawa yake itamletea shida. Nanga, tuwekee siku za kila mzunguko wa ajira, na utuambie ulianza kuhesabu lini na ukaishia lini.

NangaImara

Ilikuwa mizunguko 9, maana tangazo moja lilichukua watu 14 kwa mpigo. Siku zake ni 28, 31, 33, 35, 36, 38, 41, 44 na 137. Hiyo ya 137 ilisimamishwa katikati kwa sababu fungu lilizuiwa. Nimehesabu kuanzia siku ombi la kuajiri lilipoidhinishwa mpaka mtu alipokubali barua ya ajira kwa sahihi. Mwaka uliotangulia nilihesabu mpaka siku ya kuripoti kazini.

MkongweWaMasijala

Tatizo kubwa liko kwenye sentensi yako ya mwisho, kuliko hata hiyo 137. Mtu akishasaini barua bado ana notisi ya kutumikia alikotoka, na notisi ya mwezi mmoja peke yake ni kama siku 30. Ukilinganisha mwaka ulioishia kuripoti na mwaka ulioishia sahihi, utaona umepunguza mwezi mzima na hujafanya lolote. Rudi kwenye majalada ya mwaka ule, chukua tarehe za sahihi, uhesabu upya.

Sasa kuhusu 137. Usiifute, kwa sababu ukiulizwa mizunguko ilikuwa mingapi utasema 9, na hesabu itaonyesha 8. Badala ya wastani wa kawaida, tumia namba ya katikati. Zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ya tano ni 36. Ndiyo inayoeleza mzunguko wa kawaida kwenu ulichukua muda gani, na 137 imebaki ndani bila kuharibu picha. Kwenye jedwali la kompyuta, kama siku ziko safu ya B:

```
=MEDIAN(B2:B10)
```

Ukiandika, sema wazi kwamba ni siku za katikati. Na andika "watu 38 kupitia mizunguko 9". Ukisema 38 peke yake, msomaji atadhani uliendesha tangazo, mchujo na usaili mara 38.

DadaUsaili

Kasi peke yake haitoshi, mdogo wangu. Anayeijua kazi atakuuliza hao 38 walidumu? Wangapi wamethibitishwa kazini?

NangaImara

Dada, majaribio kwetu ni miezi 6. Waliothibitishwa ni 26. Watatu hawakuthibitishwa, na 9 bado wako kwenye majaribio.

DadaUsaili

Basi angalia hapa, maana ndipo wengi hupotea. Ukigawa 26 kwa 38 unapata asilimia 68, na utakuwa umejionea, kwa sababu wale 9 hawajafika kwenye mtihani. Ukisema walioondoka ni 3 tu kati ya 38, unapata asilimia 92, na hapo umejipendelea, umewahesabu 9 kana kwamba wameshavuka. Kigawanyo sahihi ni waliomaliza miezi 6, yaani 29. Ishirini na sita kati ya 29 ni asilimia 90. Andika namba zote mbili pamoja na asilimia, anayetaka kukagua akague.

Ila kuthibitishwa si kazi yako peke yako. Msimamizi wa idara ndiye anayempima mtu. Kwa hiyo usiseme "niliwathibitisha".

JembeLaOfisi

Sawa, nimewaelewa kwenye ajira. Lakini kwenye malalamiko hakuna ubishi, yakipungua ni ushindi. Nanga, mwaka uliotangulia yalikuwa mangapi?

NangaImara

Yalikuwa 12. Yameongezeka mpaka 27, ndiyo maana nilisita kuyataja.

MkongweWaMasijala

Usiogope 27. Idadi ya malalamiko haionyeshi ubora wa afisa. Yanaweza kupungua kwa sababu watu wanaogopa kuandika, au fomu inapitia kwa msimamizi yuleyule anayelalamikiwa. Yanaweza kuongezeka kwa sababu sasa watu wanaamini watasikilizwa. Kulikuwa na mabadiliko yoyote ya utaratibu?

NangaImara

Ndiyo. Zamani fomu ilipitia kwa mkuu wa idara. Tulibadilisha, sasa inakuja moja kwa moja ofisini kwetu, na sera inatoa siku 30 za kutoa uamuzi wa maandishi. Kati ya 27, 22 yaliamuliwa ndani ya siku 30. Matatu yalikatiwa rufaa, na uamuzi mmoja ulitenguliwa.

MkongweWaMasijala

Hapo una sentensi nzuri kuliko zote. Unachopima ni namna malalamiko yalivyoshughulikiwa: 22 kati ya 27 ndani ya muda wa sera, na rufaa tatu. Hiyo ni asilimia 81, lakini kwa idadi ndogo namna hii "22 kati ya 27" inasomeka vizuri kuliko asilimia. Jembe, ndiyo sababu ya kutoweka asilimia kila mahali. Shauri moja tu likihama linasogeza asilimia karibu 4.

Angalizo la siri: usitaje aina ya lalamiko. Katika taasisi ya watu 240, ukiandika "shauri 1 la unyanyasaji katika idara ya fedha", kila mtu mle ndani atajua ni nani.

KaraniMwema

Mimi niko upande wa mishahara na nina swali kama hilo. Nikiandika kwamba nimelipa mishahara bila kuchelewa miezi 12, hicho ni kipimo?

DadaUsaili

Ni kipimo, karani, ila ongeza idadi ya marekebisho yaliyofanyika baada ya malipo. Mshahara unaweza kutoka kwa wakati na bado ukawa na makosa. Turudi kwa Nanga, sera ya likizo ilibadilisha nini?

NangaImara

Salio la likizo zisizochukuliwa lilikuwa siku 2,640 kwa wafanyakazi wote. Mwaka mmoja baada ya sera kuanza limebaki siku 1,560. Yaani kutoka wastani wa siku 11 kwa mtu hadi 6.5.

MkongweWaMasijala

Zimepungua 1,080. Zilipunguaje? Sera mpya ina kipengele cha kufuta siku zisizochukuliwa hadi tarehe fulani?

NangaImara

Kipo. Siku 390 zilifutwa.

MkongweWaMasijala

Basi usizijumlishe. Siku iliyofutwa ni haki ambayo mtu ameikosa, haikumpumzisha. Unachoweza kudai ni siku 690 zilizobaki ukitoa 390 kwenye 1,080. Mfanyakazi aliyepoteza siku zake akisoma wasifu wako na kuona 1,080, atakukanusha mbele za watu, na atakuwa na haki.

Na usiandike "niliandaa sera" kama bodi ndiyo iliyoipitisha. Andika uliandika rasimu, uliiendesha kwenye mashauriano, bodi ikaidhinisha.

NangaImara

Nimepekua majalada. Mwaka uliotangulia, kwa kuhesabu hadi siku ya sahihi, ya katikati ilikuwa siku 45. Kwa hiyo ni kutoka 45 hadi 36. Nimeandika hivi:

"Ni afisa rasilimali watu katika taasisi yenye wafanyakazi 240. Mwaka jana aliratibu ajira ya watu 38 kupitia mizunguko 9. Muda wa katikati, kuanzia idhini ya ombi hadi sahihi ya barua ya ajira, ulishuka kutoka siku 45 hadi 36. Kati ya 29 waliomaliza majaribio ya miezi 6, 26 wamethibitishwa. Alisimamia utaratibu mpya wa malalamiko unaoyafikisha moja kwa moja ofisi ya rasilimali watu. Malalamiko rasmi 22 kati ya 27 yaliamuliwa ndani ya siku 30, na matatu yalikatiwa rufaa. Aliandika rasimu ya sera ya likizo iliyoidhinishwa na bodi. Katika mwaka wake wa kwanza, salio la likizo lilipungua kwa siku 690, bila kuhesabu zilizofutwa."

DadaUsaili

Huo unasomeka. Ukibanwa na nafasi, punguza kwenye ajira, sentensi ya malalamiko usiiguse. Swali langu ni ule uamuzi uliotenguliwa. Mimi ningeutaja: "uamuzi mmoja ulitenguliwa". Kutaja rufaa tatu bila matokeo yake kunamfanya msomaji aulize.

JembeLaOfisi

Hapo nakataa, dada. Akiulizwa ajibu, lakini wasifu wa maneno 120 si mahali pa kuweka uamuzi ulioanguka.

MkongweWaMasijala

Wote wawili mna hoja. Nanga, inategemea nani alitoa uamuzi ule. Kama ni kamati na wewe ulikuwa katibu tu, kuutaja kutakubebesha uamuzi usio wako. Kama ulitoa wewe, mimi niko na Dada.

NangaImara

Ilikuwa kamati, lakini mapendekezo niliyaandika mimi. Bado naitafakari sentensi hiyo.