Lukbaki opsheni na opsheni ya kawaida: ipi bora, na kwanini lukbaki ni ghali?

Kipanga_Mtaji: Wakuu habari za jioni. Najisomea mwenyewe mambo ya opsheni, nimekwama hapa. Kol ya kawaida naielewa, straiki 100, hisa ikifunga 104 nalipwa 4, ikifunga chini ya 100 sina kitu. Sasa lukbaki naona ziko mbili, kuna ambayo straiki inakuwa ile bei ya chini kabisa iliyoonekana njiani, na kuna ambayo straiki inabaki 100 ila unalipwa kwa bei ya juu kabisa badala ya bei ya kufunga. Wanasema zote zina thamani kuliko ya kawaida siku zote. Siku zote kivipi wakati soko linaweza kuporomoka?

Bahati_Sokoni: Rahisi tu mkuu, lukbaki ni sawa na opsheni ya Kimarekani, bei ikifika juu unatoka na chako.

mama_hesabu: Hapana Bahati. Mwenye ya Kimarekani inabidi aamue akiwa humohumo ndani ya soko, bei ikiwa 110 hajui kama kesho ni 120 au 90. Mwenye lukbaki haamui chochote, anasubiri siku ya mwisho halafu mkataba unamchagulia kwa kuangalia nyuma.

Kipanga, chukua hisa ianze 100, ishuke 85, ipande mpaka 110, ifunge 104. Kol ya kawaida inalipa 4. Yenye straiki ya 100 na bei ya juu inalipa 10. Ile ya bei ya chini inalipa 104 toa 85, yaani 19. Sasa iporomoshe: 100, 90, ifunge 80 ambayo ndiyo ya chini kabisa. Zote tatu sifuri. Kwahiyo haimaanishi lukbaki inalipa zaidi kila mara, inamaanisha hailipi pungufu hata mara moja, na ziko njia nyingi ambazo inalipa zaidi.

Sababu ni kwamba bei ya kufunga nayo ni mojawapo ya bei zilizoonekana, basi bei ya juu kabisa haiwezi kuwa chini yake. Na bei ya kuanzia 100 nayo imeonekana, basi ya chini kabisa haiwezi kuzidi 100. Mtu akikuuzia lukbaki kwa bei ya kol ya kawaida, nunua yake, uza ya kawaida, huwezi kupoteza na kuna siku utaokota hela ya bure. Ndo maana hiyo bei haikai sokoni.

njoro_wa_charts: Mimi app yangu iko na hizi vitu, imeandikwa `Close-Low`, `High-Close` na `High-Low`. Nilichukua `Close-Low` juu haiwezi lipa negative, lakini bado nilitoka na hasara, so hii theory ni uongo ama?

mama_hesabu: Kaka, malipo ni kitu kimoja, primiamu uliyotoa ni kingine. Hisa ya 100 yenye mtikisiko wa asilimia 20 kwa mwaka, riba sifuri, kol ya kawaida ya mwaka mmoja ni kama 7.97, lukbaki ya bei ya chini ni kama 14.98. Umelipia karibu mara mbili. Bei ikifunga 10 tu juu ya ile ya chini, umelipwa vizuri na bado uko hasara.

Fundi_Excel: Naomba nipinge hiyo "siku zote" kidogo. Kol ya kawaida yenye straiki 60 wakati hisa iko 100 ina thamani ya karibu 40, na lukbaki ya bei ya chini ni hiyo 15 yenu. Hapo ya kawaida imeishinda vibaya mno.

mama_hesabu: Sahihi kabisa, na wengi wanaisahau hiyo. Ile ya bei ya chini inashinda kwa uhakika kama straiki ya mwenzake haiko chini ya bei ya kuanzia. Ile ya bei ya juu inashinda ukilinganisha straiki ileile, iwe 60 au 140.

Fundi_Excel: Halafu nimefanya simulesheni nikiangalia bei mara moja kwa wiki nikapata 13 na ushee, sio 14.98. Nikiangalia kila siku ya soko inapanda 14 na ushee.

mama_hesabu: Hujakosea, ukiangalia kwa wiki unaruka mabonde ya katikati, na 14.98 ni ya kuangalia bila kupumzika. Ndo maana kabla ya kulinganisha bei za wauzaji wawili soma mkataba unasema bei zinachukuliwa lini. Na siku ya kufunga isipohesabiwa kwenye ile ya bei ya juu, hoja yangu ya pale juu kuhusu hiyo inakufa.

Kipanga_Mtaji: Nimekupata dada. Sasa mkataba ukihesabu miezi 3 ya kwanza tu halafu ukalipa mwisho wa mwaka, bado ni ghali kuliko ya kawaida?

Bahati_Sokoni: Mi bado nachukua ya Kimarekani, primiamu ya 15 ni wizi.