Tupeane uzoefu: skrini moja pana ama mbili ndogo, meza ikiwa ya sentimita 110

HesabuNax: Watu wangu, hapa Nakuru mchana nafanya vitabu vya maduka, usiku naediti video za harusi. Meza ni sentimita 110 na haiongezeki, pembeni kuna kitanda. Nyinyi mnatumia nini?

NyarMilimani: Mimi Kisumu niko na inchi 24 mbili eksi-UK, zote elfu ishirini hivi. Kila moja ni kama sentimita 54, ukizipanga sambamba ni 108, sasa risiti utaziweka wapi? Na ukikaa katikati yao ule ukingo unakuwa mbele ya pua, siku nzima shingo imegeuka. Yangu moja iko mbele kabisa na leja, ingine nimeipinda kando na stetimenti ya benki. Lakini usivute shiti moja ikatishe zote mbili, macho yakiruka ukingo unasoma namba ya mstari mwingine.

KakaKakamega: Chukua pana ya 34 tu, hiyo ni 24 mbili zimeunganishwa, hakuna tofauti. Taimlaini ya harusi yote unaiona bila kuskroli.

FundiKebo: Taimlaini nakubali, lakini hazilingani. Mbili zina pikseli 3840 kwa upana, pana ya 34 nzuri ni 3440. Penye inashinda ni kwenda chini, 1440 dhidi ya 1080, na kwa Excel zumu ikiwa 100 mstari mmoja ni pikseli 20, kwa hivyo unapata kama mistari 18 zaidi. Sasa ukiuziwa 34 ya bei rahisi soma kwanza karatasi yake, ikiwa ni 2560 kwa 1080 mistari ni ile ile ya 24 na herufi zinakaa kama zimechanika. Upana wa 34 ni kama sentimita 82, trei ya risiti inaingia. Laptopu ni ya zamani? HDMI 1.4 kwa 3440 kwa 1440 mara nyingi haifiki hezi 60, ukiona mausi inaburuta fungua Advanced display utapata 30 ama 50. Tumia DisplayPort.

MamaBungoma: Na TV ya 43? Ndio natumia, ila maandishi mekundu yanasambaa.

FundiKebo: Mama, kwa menyu ya TV badilisha jina la ile HDMI iwe PC, nyingi hapo herufi zinakaza. Lakini yeye hana nafasi ya 43.

NyarMilimani: Kitu ingine, ukishea skrini pana yote kwa mkutano wateja wanaona vijiherufi. Shea dirisha moja.

HesabuNax: Laptopu ni ya zamani na haina DisplayPort, HDMI pekee. Pana nimeambiwa elfu 52. Kuna mtu ameweka 24 moja juu ya ingine kwa mkono wa kufunga mezani? Shingo inasemaje?