Hospitali ya binafsi au ya misheni kwa uzazi wa pili, Mombasa

Babake_Amani: Ndugu zangu, mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, na Amani alizaliwa kwa upasuaji. Hospitali ya binafsi imenitajia shilingi 110,000 kwa upasuaji, usiku tatu na dawa za kawaida zikiwamo. Kila usiku wa ziada ni 9,000. Ya misheni inatoza kila kitu peke yake: chumba cha upasuaji 45,000, madaktari 35,000, kitanda 3,500 kwa usiku, na dawa zinazokisiwa kufika 15,000. Kwa usiku tatu ni 105,500. Naona ni sawasawa tu. Ninakosea?

Pwani_Moja: Bima ya afya ya SHA inalipa uzazi wote, hata upasuaji. Nenda popote utakapo.

Nesi_Mstaafu: Si hivyo kabisa, ndugu Pwani. Kwa upasuaji SHA hulipa 30,000, na kwa uzazi wa kawaida 10,000. Hospitali ikitoza zaidi, kinachobaki ni juu ya familia. Nawe Babake Amani, muulize mhasibu swali moja kabla ya mengine: je, ile 110,000 ni kabla au baada ya kutoa pesa za SHA? Kisha fanya hesabu ya usiku tano, kwa sababu kidonda kikichelewa kukauka au homa ikipanda, daktari hamruhusu mama kuondoka. Misheni itakuwa 112,500, ukitoa SHA unabaki na 82,500. Ya binafsi itakuwa 128,000; SHA ikiwa haijatolewa utalipa 98,000, na kama imeshatolewa utalipa zote.

Mwanakombo: Mimi nilijifungua salama, bili yangu nikailipa siku ya pili, halafu mtoto akapata manjano akawekwa chini ya taa usiku tatu. Kumbe mtoto alikuwa amefunguliwa faili lake, lenye kitanda chake na vipimo vyake. Karatasi ya kifurushi ilimtaja mama peke yake.

Juma_wa_Likoni: Na gharama za kliniki ya wajawazito, mmezihesabu wapi?

Nesi_Mstaafu: Hizo ni za kabla ya kulazwa, Juma; hapa tunazungumzia bili ya wodini. Alilosema dada Mwanakombo ndilo linalowapiga chenga wengi. Uliza pia kama upasuaji wa dharura usiku una nyongeza, na kama damu ikihitajika familia italeta wachangiaji.

Babake_Amani: Nimerudi kutoka kwa mhasibu. Ile 110,000 tayari imetolewa SHA, kwa hiyo tofauti kwa usiku tano ni 45,500. Nyongeza ya usiku ipo, ila hakutaka kuiandika. Kuhusu faili la mtoto amesema "tutaona akizaliwa."

Pwani_Moja: Michango yako ya SHA ya mwaka umeshaimaliza? Mimi ninayejiajiri nilitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo.

Babake_Amani: Bado miezi minne. Kesho naanzia hapo, kisha nakwenda misheni kuomba bei ya taa.