Ameshika .com ya jina la kampuni yetu na anataka dola 4,800. Nianzie wapi?

MamaNgaramtoni:
Wakuu, habari za leo. Mimi na mume wangu tunaendesha kampuni ndogo ya utalii Arusha tangu 2016. Jina letu tulilitunga wenyewe kwa kuunganisha jina la ukoo wake na neno la Kimeru, kwa hiyo si jina ambalo mtu angelifikiria tu akiwa kwake. Tovuti yetu ni ya .co.tz.

Mwaka 2021 mtu alisajili jina hilohilo kwa .com. Ukifungua unakuta ukurasa wa matangazo ya safari za Serengeti na kupanda Kilimanjaro, yote ya kampuni nyingine. Hatukuwahi kumtafuta. Hivi karibuni ametuandikia imeili yeye mwenyewe kwamba yuko tayari kutuachia kwa dola 4,800. Kinachoniumiza zaidi ni wageni. Kuna mteja wa Ujerumani aliyetuma maulizo yake kwa anwani ya .com, akasubiri majibu, mwisho akaenda kwa wengine.

Jina la biashara lipo BRELA tangu tuanze. Alama ya biashara hatuna. Je, tuna haki yoyote hapa?

Kijana_wa_Sinza:
Dada, hiyo nyepesi. Kesho nenda BRELA ukasajili alama ya biashara, cheti kikitoka unampelekea kampuni iliyomuuzia domeini, wanamnyang'anya. Bila cheti huna kesi.

WakiliKaloleni:
Kijana, kusajili alama ni jambo jema na dada alifanye, lakini halitafanya kazi unavyosema. Kampuni inayouza domeini haiamui nani mwenye haki. Itasubiri amri ya mahakama au uamuzi wa utaratibu unaoitwa UDRP, ambao ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, iliuweka 1999 kwa ajili ya domeini kama .com. Kila anayesajili .com anakubali utaratibu huo kwenye mkataba wake, hata kama hajausoma. Ndiyo maana unaweza kumfuata mtu usiyejua anaishi nchi gani. Wengi hupeleka lalamiko WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu lililoko Geneva, na linatumwa kwa imeili, huna haja ya kusafiri popote.

Dada, unatakiwa kuthibitisha mambo matatu, na yote matatu lazima yasimame. La kwanza, domeini inafanana na alama ambayo wewe una haki nayo. La pili, yeye hana haki wala sababu halali ya kuwa na jina hilo. La tatu, aliisajili kwa nia mbaya na pia anaitumia kwa nia mbaya. Hapo kwenye "na pia" ndipo kesi nyingi hufia.

La pili halikusumbui sana. Haitwi hivyo, hana biashara ya jina hilo, na ukurasa wa matangazo unaojinufaisha na jina lako hauhesabiwi kuwa biashara halali. Kazi yako iko kwenye la kwanza na la tatu.

Usajili wa jina la biashara BRELA peke yake haukupi alama. Lakini UDRP inakubali alama isiyosajiliwa, mradi uonyeshe kwamba wateja wakilisikia jina hilo wanajua ni ninyi. Kusema tu hakutoshi. Weka maoni ya wageni mtandaoni yenye tarehe, ankara za mawakala wa nje, vipeperushi, malipo ya matangazo, magazeti kama yaliwahi kuwaandika. Na zaidi ya yote, tafuta vya kabla ya 2021.

Kwa nini kabla ya 2021? Kwa sababu nia mbaya inapimwa siku aliyoipata domeini. Ukisajili alama leo, cheti kitakubeba kwenye jambo la kwanza. Kwenye la tatu msuluhishi, yule anayeamua lalamiko, atauliza: siku ile mtu huyu alikuwa anamlenga nani? Wewe una majibu mazuri. Jina ni la kutunga, matangazo ni ya safari za kwenu kabisa, na mwenyewe amekufuata kukuuzia kwa bei isiyolingana hata kidogo na gharama ya kusajili .com. Kesi ya kwanza kabisa ya UDRP, ya worldwrestlingfederation.com, iliamuliwa Januari 2000, na kiini chake kilikuwa hichohicho: aliisajili, kisha akamgeukia mwenye jina amuuzie.

BibiDuka_Mwanza:
Hata mimi nimeporwa! Kijana aliyenitengenezea tovuti alisajili domeini kwa jina lake, sasa tumegombana kuhusu hela ya matengenezo na ameizima. Na mimi niende huko Geneva?

WakiliKaloleni:
Bibi, shikamoo. Yako ni tofauti. Wewe ulimtuma aisajili na mnadaiana. Wasuluhishi wa UDRP mara nyingi wakiona ugomvi wa mkataba wanasema hili ni la mahakama. Anza na risiti na jumbe zinazoonyesha ulimlipa akusajilie wewe. Ukifungua uzi wako nitachangia.

MamaNgaramtoni:
Asante sana wakili. Gharama je? Na imeili yake tuijibu?

WakiliKaloleni:
WIPO ni dola 1,500 kwa msuluhishi mmoja, na ada hiyo inahusu hadi domeini tano. Ukishinda hurudishiwi, na hakuna fidia: utahamishiwa domeini au itafutwa, basi. Ombeni kuhamishiwa, kwa sababu ikifutwa mwingine anaweza kuidaka. Baada ya lalamiko domeini inafungwa asiihamishe, naye anapewa siku 20 kujibu. Uamuzi ukitoka zinasubiriwa siku 10 za kazi, asipokwenda mahakamani inahamishwa. Kwa jumla hesabu kama miezi miwili.

Imeili msiifute, na msimtajie bei. Wala msimtishie kwanza. Akishtuka ataondoa yale matangazo, kwa hiyo leo hii pigeni picha za ukurasa zikionyesha tarehe na anwani. Angalieni pia lugha ya mkataba wa msajili wake, yaani kampuni iliyomuuzia domeini, maana kwa kawaida ndiyo lugha ya kesi. Msajili akiwa wa China mnaweza kulazimika kuomba mruhusiwe Kiingereza.

fundi_mitambo:
Naongezea la kiufundi. Endesheni hizi mbili, mkiweka domeini yenyewe:

```
whois jinalenu.com
dig +short MX jinalenu.com
```

Ya kwanza itawapa "Creation Date" na msajili. Jina la mwenyewe huenda limefichwa. Ya pili ndiyo inanitia wasiwasi kuhusu yule Mjerumani. Ikirudisha seva yoyote ya imeili, huenda barua za wageni wenu zinapokelewa upande wa pili, na mtu anaweza kuwajibu kwa jina lenu akawapa namba ya akaunti. Waandikieni mawakala wenu leo.

WakiliKaloleni:
Nashukuru fundi. Ila "Creation Date" isikudanganye dada: ni siku domeini ilipozaliwa, si lazima iwe siku huyu alipoipata. Kama aliinunua kwa mtu 2023, inahesabiwa 2023, na hapo unazidi kuwa na nguvu.

Mzee_wa_Soko:
Mimi ningempa dola 900 yaishe. Ni chini ya hiyo ada, na huna hatari ya kushindwa.

WakiliKaloleni:
Mzee, kwa hesabu ya pesa tupu siwezi kukupinga, na wapo wateja wangu waliofanya hivyo. Ila akikubali 900, hakuna kinachomzuia kesho kusajili .net na kurudi.

MamaNgaramtoni:
Nimeendesha zile mbili. Ya kwanza inasema Machi 2021, mwenyewe amefichwa. Ya pili imerudisha seva mbili za imeili. Mume wangu yuko upande wa Mzee. Mimi nimeshaanza kuwapigia mawakala, na jioni nakusanya maoni ya wageni ya 2017 hadi 2020. Wakili, nikuandikie faragha?

WakiliKaloleni:
Niandikie. Na hiyo ya seva iweke ya kwanza kwenye faili.