Tangazo la redio la kutuonya juu ya maafisa wa afya bandia limewafundisha matapeli namna ya kuvaa

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nina hasira, na hasira hiyo haiko kwa tapeli peke yake, kwa sababu tapeli kazi yake tunaijua. Ninayegombana naye ni mtu aliyeketi ofisini akaandika tangazo la redio la kuwaonya wananchi juu ya watu wanaojifanya maafisa wa afya na kukusanya fedha za bima majumbani, mkubwa wake akalipitisha, nalo likasomwa hewani asubuhi na jioni bila yeyote kati yao kujiuliza msikilizaji atafanya nini likiisha. Nililirekodi kwa simu, na hili ndilo lote, ukiondoa jina la ofisi:

"Wananchi mnatahadharishwa juu ya kuwepo kwa watu wasio waaminifu wanaojifanya maafisa wa afya na kupita majumbani wakikusanya ada za bima ya afya. Mnakumbushwa kwamba afisa halali huvaa kitambulisho chenye picha na muhuri, na hutoa stakabadhi kwa kila malipo anayopokea. Mnaombwa kuwa makini na kutoa taarifa kwa mamlaka husika."

Isomeni tena ile sentensi ya pili. Imemweleza tapeli vitu vya kwenda kutengeneza, na imemweleza mwenye nyumba kwamba akiviona vitu hivyo afungue mkoba. Picha, muhuri na kitabu cha stakabadhi ni vitu ambavyo duka lolote la kuchapisha linaweza kuvitoa kwa siku moja. Halafu "mamlaka husika" ni nani? Polisi, zahanati, ofisi ya bima, au mwenyekiti wa mtaa? Namba ya simu haikutajwa hata mara moja.

Shangazi yangu alilisikia tangazo hilo, akalielewa vizuri, na akalitii kama lilivyosema. Walikuja watu wawili, mwanamke na kijana wa kiume, wamevaa vizibao na vitambulisho vya kuning'inia shingoni. Yule mwanamke ndiye aliyeanza: "Mama, bila shaka umesikia redioni kuna matapeli wanapita, ndiyo maana sisi tunaanza kwa kukuonyesha vitambulisho." Shangazi akavisoma, akaona picha, akaona muhuri, akaridhika. Wakaandika majina ya watu sita wa nyumba ile, wakapokea mchango wa mwaka mzima kwa fedha taslimu, wakakata stakabadhi kwa karatasi ya kaboni na kumwachia nakala.

Kabla ya kuondoka wakamwambia kwamba kadi zitaanza kutumika baada ya siku 90, kwa kuwa bima ina kipindi cha kusubiri. Ni kweli kwamba skimu nyingi zina kipindi hicho kwa wanachama wapya, na hapo ndipo uongo wao ulipopata nguvu, kwa sababu mtu aliyeambiwa asubiri siku 90 haendi kuuliza lolote ndani ya siku hizo. Sisi tuligundua mapema kwa bahati tu, pale binamu yangu alipokwenda dirishani kwenye ofisi ya bima kusahihisha jina la mtoto lililokosewa kwenye stakabadhi, na karani alipoingiza namba ya uanachama mfumo ukaikataa kwa sababu ilipungua tarakimu.

Niliandika malalamiko kwa kituo cha redio. Nikajibiwa kwamba wao husoma walicholetewa. Nikaenda kwa waliolileta, nikaambiwa tangazo "limefuata utaratibu". Ninataka kujua kutoka kwenu kama tangazo la namna hii ndilo kazi inayokubalika.

Kisima

Pole kwa shangazi, lakini mimi naona kosa la tangazo ni dogo na linarekebishika. Wangeongeza tu sentensi moja ya kuwataka wananchi wapige simu kuthibitisha kabla ya kulipa. Vitambulisho vingi huwa na namba ya ofisi kwa nyuma. Unampigia mkubwa wake hapo hapo akiwa amesimama mbele yako, ukweli unajulikana.

Mtunza Sauti

Ndugu Kisima, kuthibitisha kabla ya kulipa ni sawa kabisa, ila namba iliyo nyuma ya kitambulisho bandia itapokelewa na mwenzake aliyekaa nyumba ya tatu, naye atakujibu kwa adabu kuliko ofisi yenyewe. Namba ya kupiga lazima mwananchi awe ameipata kwingine, na njia nyepesi ya kuifikisha kwake ni redio hiyo hiyo.

Nimeandika na kuhariri matangazo mafupi ya redio kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba nijibu swali la mleta uzi moja kwa moja. Hapana, tangazo hilo lina kasoro, na kasoro yake ya msingi ni kwamba linamtambulisha mwizi kwa sura wakati lilipaswa kumtambulisha kwa tendo. Sura inaigwa. Tendo moja ambalo tapeli huyu hawezi kuliacha ni kupokea fedha pale mlangoni, kwa sababu asipozipokea hana alichojia. Mwandishi akilishika hilo, tangazo zima linageuka: huhitaji kumfundisha msikilizaji kukagua mihuri, unampa jambo moja la kukataa na sentensi ya kukatalia.

Hiyo sentensi ya kukatalia ina maana kuliko watu wanavyodhani. Wenye nyumba wengi huona haya kumfukuza mgeni aliyevaa kiheshima, na tapeli anaishi kwa haya hiyo. Ukimpa maneno tayari ya kusema, anaweza kukataa bila kumtuhumu mtu.

Jambo jingine ni kwamba msikilizaji wa redio hawezi kurudi nyuma. Anaosha vyombo, anaendesha gari, anabembeleza mtoto. Katibu anayeandika "mnatahadharishwa juu ya kuwepo kwa watu wasio waaminifu" anaandika barua ya ofisi, na msikilizaji anaachia sikio kabla kiini hakijafika. Kiini kitangulie, namba isomwe polepole na irudiwe. Mimi hukadiria maneno 90 hivi kwa sekunde 45, na mtangazaji akilazimika kukimbia, kosa ni la mwandishi.

Ningeliandika hivi:

SAUTI: Mlango unabishwa.
MWANAMKE: Hodi! Sisi ni watu wa bima ya afya. Tunapokea michango, leo ndiyo mwisho.
(Kimya kifupi.)
MTANGAZAJI: Usimpe fedha. Mchango wa bima ya afya haulipwi mlangoni, hata kama mgeni ana sare, kitambulisho na stakabadhi. Usimtajie namba yako ya siri, wala tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Mwambie hivi: "Nitalipa mwenyewe ofisini." Kisha piga namba hii: (namba, polepole). Narudia: (namba). Kama umekwisha kulipa, piga leo hii. Usingoje siku uugue.

Mtaona nimeweka wale waliokwisha kulipa. Tangazo la awali liliwasahau kabisa, na hao ndio wenye haraka kuliko wote. Aliyelipa kwa simu akitoa taarifa kwa mtandao wake upesi, kabla fedha hazijatolewa upande wa pili, huenda zikazuiwa. Aliyelipa taslimu hana njia hiyo, lakini taarifa yake yenye mtaa, saa na namba ya stakabadhi inaisaidia polisi kujua matapeli wanakoelekea.

Ngome

Mimi kadi yangu ilikataliwa hospitalini mwezi uliopita nikiwa na mgonjwa, wakaniambia michango haijaingia, na kazini nakatwa kila mwezi. Je, ina maana hata mwajiri wangu amedanganywa na hawa maafisa bandia? Hilo tangazo mbona halisemi chochote kuhusu sisi tunaokatwa mishahara?

Mtunza Sauti

Ndugu Ngome, suala lako ni jingine. Mchango unaokatwa kwenye mshahara haupitii mikononi mwa mtu anayebisha hodi. Omba taarifa ya michango yako kwenye skimu, uilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi, na miezi inayokosekana mpelekee mwajiri kwa maandishi.

Mhudumu wa Jamii

Ninasoma hapa nikiwa na masikitiko ya upande wa pili. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, ninapita nyumba kwa nyumba kufuatilia wanaotumia dawa za kifua kikuu na watoto waliokosa chanjo. Tangu tangazo hilo lianze, kuna nyumba wanazima redio na kujifungia wakiniona na kizibao. Juzi mama mmoja aliniambia nyuma ya dirisha kwamba nina kitambulisho, ndiyo, lakini na matapeli wanavyo. Siwezi kumlaumu. Lakini mwanawe hajapata chanjo ya pili ya surua.

Tangazo la Mtunza Sauti ni zuri, ila likiisha hivyo, sauti ile ya hodi itabaki kichwani mwa watu, na sisi tunabisha hodi ile ile. Ninaomba iongezwe sentensi moja inayotutenganisha: "Mhudumu wa afya anaweza kukutembelea, lakini hachukui fedha za bima."

Mtunza Sauti

Dada, umenishika penyewe. Nitaiweka kabla ya namba ya simu, ili isiifunike namba masikioni, na ili nafasi ipatikane nitaondoa maneno "leo ndiyo mwisho", ingawa yananiuma, kwa kuwa kuharakisha watu ndiyo desturi yao.

Kisima

Sasa mimi nina swali. Zipo skimu zinazotumia mawakala halali wanaopita kuandikisha watu, na wengine hupokea michango. Mkisema redioni kwamba mchango haulipwi mlangoni kamwe, si mtakuwa mmesema uongo, na wakala halali akifukuzwa atalaumiwa nani?

Mtunza Sauti

Hilo ni swali la haki, na mwandishi wa tangazo hawezi kulijibu akiwa studio. Sentensi ile inaweza kusomwa hewani pale tu ambapo skimu yenyewe imetamka kwa maandishi kwamba mawakala wake hawapokei fedha mkononi. Kama wanapokea, tangazo linalazimika kusema "andikishwa nyumbani ukitaka, ila lipa mwenyewe kwa njia rasmi", na hilo ni gumu zaidi kulifikisha kwa sekunde 45. Kwa maoni yangu skimu inayoruhusu wakala kubeba fedha za watu kwenye mkoba imewafungulia matapeli mlango, na hakuna tangazo litakaloufunga, lakini najua wapo watakaosema kwamba bila mawakala hao wanavijiji walio mbali na ofisi wasingejiunga kabisa.

Mleta uzi

Nashukuru. Nimewauliza leo kwa maandishi wenye tangazo kama mawakala wao wanaruhusiwa kupokea taslimu au la, na nimeambatanisha tangazo la Mtunza Sauti likiwa na sentensi ya dada mhudumu. Tangazo lao la zamani limesomwa tena jioni hii, neno kwa neno, baada ya taarifa ya habari. Shangazi amekwisha kutoa taarifa polisi, nao wamebaki na ile stakabadhi ya kaboni. Mwenye stakabadhi ya aina hiyo nyumbani kwake ahesabu tarakimu za namba ya uanachama, azilinganishe na za kadi ya mtu anayetibiwa nayo, na hata zikilingana aipeleke dirishani ikaingizwe kwenye mfumo kabla siku 90 hazijaisha.