Data hii au data hizi? Mkuu wa idara karudisha baruapepe

Karani_Ntinda: Jamani, nimeandikia wadau wa Arusha "Data hii imeambatishwa". Mkuu kaikata kwa kalamu nyekundu, kaandika "hizi zimeambatishwa", eti data ni wingi. Ni kweli? Na kraiteria, midia na ajenda je?

Kabugo: Mkuu yuko sahihi. Yote manne ni Kilatini na yalizaliwa wingi, kwa hiyo ni hizi, hizi, hizi, basi. Shida yetu Waganda ni Kiswahili cha kambini, cha "wewe kuja hapa".

Mwl. Nambi: Kraiteria ni Kigiriki, ssebo, siyo Kilatini. Data na ajenda kweli zilikuwa wingi huko kwao, lakini Waingereza wenyewe wamesahau: ajenda wameifanya moja, kisha wakaiongezea wingi mwingine juu yake. Sisi hatulazimiki kubeba sarufi ya Roma. Neno likishaingia ngeli ya I-ZI halibadiliki umbo, ni kama kalamu au barua. Data hii imefika, data hizi zimefika, zote ni Kiswahili. Ukiiona kama mzigo mmoja, sema hii. Ukitaja zilizotoka wilaya mbalimbali, sema hizi. Waganda hili wasilihangaikie, Luganda inafanya vivyo hivyo: *emmotoka eno*, *emmotoka zino*.

Okello_Gulu: Kabugo, hicho "cha kambini" unamtupia nani? Kiswahili hakikuanza Uganda juzi Baraza la Mawaziri lilipokaa 2022. Kambini ndiko kilikotunzwa ninyi mkikicheka.

Kabugo: Sijamtaja mtu. Ila lugha rasmi tumeipata 2022, hilo hulipingi.

Okello_Gulu: Napinga. Katiba ilirekebishwa 2005, ibara ya 6, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. La 2022 lilihusu kufuata agizo la Jumuiya na kukifanya cha lazima shuleni. Soma kwanza, afande.

Kabugo: Sawa, 2005. "Afande" tena ya nini?

Nakato_Jinja: Mimi ni wa ununuzi, haya ya hii na hizi naona ni mapambo. Tangazo letu linasema "mzabuni atimize kraiteria iliyotajwa", na chini tumeorodhesha 4. Wazabuni wanauliza: ni mojawapo au zote?

Mwl. Nambi: Kumbe siyo mapambo, nyabo! "Iliyotajwa" ni moja, na chini ziko nne. Aliyetimiza moja tu ana haki ya kukata rufaa. Hapo achana na kraiteria, tumia kigezo, kwa sababu umoja na wingi vinaonekana kwenye neno lenyewe. Andika "atimize vigezo vyote 4 vilivyotajwa". Kama kimoja kinatosha, "angalau kigezo kimoja kati ya hivi 4". Na midia vilevile: kwenye barua rasmi "vyombo vya habari" haina utata.

Karani_Ntinda: Kwa hiyo mimi nilikuwa sawa?

Mwl. Nambi: Ulikuwa sawa, na mkuu naye hakukosea. Tatizo ni jingine: kuchanganya. Ugonjwa wa ofisini ni huu: "Data hizi iliyokusanywa mwezi Mei imeambatishwa." Mwandishi kaanza na wingi, katikati kaishiwa. Bonyeza Ctrl+F, tafuta "data", na kila inapotokea tazama sehemu tatu: kionyeshi, kirejeshi, kitenzi. Ama "hii iliyokusanywa imeambatishwa", ama "hizi zilizokusanywa zimeambatishwa". Kirejeshi ndicho kinachoponyoka zaidi, maana kinakaa mbali na neno lenyewe. Na usiandike "data 40". Hesabu rekodi 40, au fomu 40.

Kabugo: Na "madata"?

Mwl. Nambi: Mtaani sawa. Kwa Arusha, hapana.

Okello_Gulu: Kambini tunasema data tu.

Kabugo: 😂 Haya, yaishe, mzee.

Nakato_Jinja: Ajenda mmeiruka. "Tumeongeza ajenda mbili": ni mambo mawili au orodha mbili?

Mwl. Nambi: Wengi wanamaanisha mambo mawili, na wasomaji wengi wataelewa hivyo. Mimi ningeandika "tumeongeza mada mbili kwenye ajenda", ili ajenda ibaki ile karatasi.

Okello_Gulu: Siafiki. Kila mkutano utasikia "ajenda ya kwanza, ajenda ya pili", na hakuna anayeleta karatasi ya pili. Neno limeshahama.

Mwl. Nambi: Mdomoni limehama. Kwenye muhtasari siku mbili za mkutano zenye karatasi mbili, utaziitaje?

Okello_Gulu: Ajenda ya Jumatatu na ajenda ya Jumanne.

Karani_Ntinda: Mkuu kauliza tena: "kwa nini vigezo na siyo kraiteria?" Nimtumie ya mzabuni?

Nakato_Jinja: Mtumie, ila ondoa jina la ofisi.