Fundi simu kuchekesha watu kwa vioo na paswedi: ni sawa?

Fundi wa Rangi Tatu: Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha simu hapa Mbagala, na kila asubuhi naweka stetasi ya kuchekesha. Juzi niliandika: “Kioo kimepasuka mpaka kinaonyesha Rufiji na vijito vyake vyote? Kilete tukaushe mito.” Jana nikaandika: “Umesahau paswedi? Tabasamu, dakika kumi tu!” Wateja wameongezeka. Ila jana jioni mama mmoja amenijia juu, anasema nachezea majonzi ya watu. Je, fundi aache mizaha?

Mama Wawili, Tandika: Mwanangu, huyo mama namwelewa. Mwaka jana nilisahau patani, nikaenda kwa fundi mmoja (si wewe) aliyekuwa na tangazo kama hilo lako la dakika kumi. Nikampa simu huku nacheka. Akabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, akachagua maneno fulani, simu ikazima ikawaka. Dakika kumi kweli hazikufika. Ilipowaka ilikuwa tupu. Picha za marehemu mama yangu akiwa wodini, sauti zake alizonitumia, vyote havipo. Halafu simu yenyewe ikadai akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo. Akaunti hiyo nilifunguliwa na kijana wa dukani siku ninanunua, sijawahi kuijua. Nikabaki bila picha na bila simu. Sikatai kuchekeshwa. Nakataa lile neno “dakika kumi tu”.

Mtani wa Mwanza: Pole sana mama. Lakini tusiue utani kwa kosa la fundi mmoja. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana hata msibani na hakuna anayenuna. Mtu aliyevunja kioo anakuja ameshanyong'onyea, ukimchekesha anapumua. Na kwa taarifa yenu, kufungua bila kufuta kunawezekana. Mimi mwenyewe nimeona fundi akiunganisha simu na kompyuta, akafuta faili moja tu la patani, simu ikafunguka na picha zote zipo. Kwa hiyo huyo wa Tandika alikutana na asiyejua kazi.

Mkongwe wa Kariakoo: Mtani, ulichokiona ulikiona kweli, ila ni cha zamani. Simu za Android za miaka ile zilihifadhi picha zikiwa wazi, na patani ilikuwa kama komeo lililowekwa mlangoni. Ukifuta lile faili komeo limeondoka, unaingia. Simu za sasa zinavuruga kila kilichomo, na paswedi yako ndiyo sehemu ya ufunguo wa kukirudisha kisomeke. Ukiifuta paswedi umefuta na njia ya kuzifikia picha. Fundi wa kawaida anayekuahidi kufungua simu mpya bila kufuta, muulize atafanyaje kabla hujamkabidhi.

Na hilo lililompata mama la kudaiwa akaunti si hitilafu. Ni kinga ya wizi iliyoingia na Android 5.1 mwaka 2015: simu ikifutwa kwa vitufe, inamtaka mwenyewe athibitishe kuwa ni yake. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mashine. Namlaumu fundi aliyebonyeza kabla ya kuuliza maswali mawili: kuna kitu humu huwezi kukikosa? Na akaunti ya Google unaijua?

Mimi mteja wa paswedi akifika, kitu cha kwanza namuuliza kama kidole bado kinafungua. Wengi kinafungua! Wamesahau namba, kidole wanacho. Hapo namwambia asiizime kabisa, kwa sababu ikizimwa na kuwashwa itataka namba, na hata isipozimwa ipo siku itaidai tu. Tunaingia kwa kidole, tunahamishia picha kwenye memori kadi, tunatazama akaunti iliyomo ni ipi na tunaijaribu kwenye simu nyingine kama paswedi yake inakubali. Ikibidi kubadili paswedi ya akaunti, tunasubiri siku nzima ndipo tunafuta, Google wenyewe wanaelekeza hivyo. Kidole hakikuruhusu kubadili namba ya kufungulia simu, mipangilio itadai ile ya zamani, kwa hiyo kufuta kupo palepale. Lakini tunafuta simu iliyokwisha kuokolewa. Sasa hiyo ni kazi ya siku mbili, siyo dakika kumi.

Dereva Boda, Chanika: Wakuu samahani, mimi ya kwangu imeanguka, kioo kina nyufa ila picha inaonekana na tachi inafanya kazi. Bei gani?

Mkongwe wa Kariakoo: Kaka, hapa tunajadili matangazo, ila ngoja nikusaidie. Pitisha ukucha ukingoni. Ukikuta kuna karatasi ngumu inayonyanyuka, huenda iliyopasuka ni protekta tu, na hiyo ni hela ndogo. Kama ni kioo chenyewe na picha haina doa wala mistari, kioo cha nje kinaweza kutenganishwa na dispilei kwa joto na kubandikwa kingine kwa gundi yake, mradi fundi awe na mashine. Akikosea, dispilei nayo inakufa, kwa hiyo mkubaliane kabla nani atabeba hasara hiyo. Ukiona doa jeusi kama wino linatanuka, hapo usipoteze muda na kioo cha nje, ni dispilei nzima. Na siku tachi ikigoma huku picha inaonekana, tafuta kebo ya OTG na mausi ya kompyuta. Simu nyingi zinaikubali, unaandika paswedi kwa mausi na kutoa vitu vyako kabla ya kuipeleka.

Dereva Boda, Chanika: Ni protekta! Asante mzee.

Mwanasheria Kijana, Dodoma: Hakuna aliyegusa picha. Mafundi wengi wanapiga picha simu ya mteja iliyopasuka, wanaiweka na kichekesho, na kwenye skrini anaonekana mtoto wa mwenye simu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Kwangu mimi, bila ridhaa ya mteja hata simu isiyo na sura isirushwe.

Mtani wa Mwanza: Kwenye sura ya mtoto nakubaliana nawe. Lakini kioo kitupu chenye nyufa ni cha nani? Vioo vyote vilivyopasuka vinafanana, hakuna wa kukitambua.

Mwanasheria Kijana, Dodoma: Mwenyewe anakitambua, na kava lake linatambulika mtaa mzima. Anakiona kimechekwa na watu mia tatu.

Fundi wa Rangi Tatu: Nimewasoma wote. La dakika kumi nimeliondoa sasa hivi, na yule mama nitampigia asubuhi. Nimeandika mengine matatu, niambieni:

“Uliweka paswedi ili watoto wasiijue. Watoto wanaijua, aliyeisahau ni wewe. Waulize kwanza, wakikataa ndipo uje.”

“Kidole bado kinafungua? Basi usiizime, mshike mkono kama bibi harusi mpaka hapa kibandani.”

“Kabla hujalia kwa ajili ya kioo, bandua protekta. Ikiwa ndiyo iliyopasuka, futa machozi, bado una nauli ya kurudia.”

Mama Wawili, Tandika: La watoto limenichekesha kweli, kwangu mdogo wa miaka sita ndiye alikuwa anaijua ile patani na hakuna aliyemuuliza. La pili ongeza kwamba picha zihamishwe kwanza, wengine hawatajua kwa nini wasizime.

Mkongwe wa Kariakoo: La pili liache fupi, maelezo mpe akifika. Stetasi ndefu haisomwi.

Mama Wawili, Tandika: Asipofika je? Akienda kwa yule wangu?